Mimi Fundi Makochi, Basi

3 Machi

Dada mpenzi,

Usicheke. Ukicheka nitajua hata nikiwa huku. Nimepata mtu kwenye ile programu ya kutafuta wachumba uliyonisukuma niingie, na sasa nimekaa karakanani juu ya kochi la watu lililofumuliwa nusu, kazi imesimama, najiuliza nimjibu nini.

Ni wakili. Anafanya kazi kwenye kampuni kubwa, ana shahada mbili, na ya pili ameisomea ng'ambo. Kwenye picha moja amesimama mbele ya rafu ya vitabu iliyopanda hadi darini. Kwenye nyingine anashuka kwenye gari lenye viti vya ngozi halisi, na hilo la viti nina uhakika nalo kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mimi kwenye picha yangu nimejinyoosha kwenye kochi la mteja ambalo kesho yake lilichukuliwa.

Anaandika vizuri. Amesema meseji fupi zinamchosha, tuandikiane barua pepe kama watu wazima. Ameuliza ninafanya nini na ninapenda nini, basi. Nimeandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Kila nikisoma nilichoandika namsikia yule mwalimu wa mwaka nilioacha shule, anavyosoma makosa yangu mbele ya darasa. Barua ya huyu bwana nimeichungulia juu chini natafuta anaponidharau. Sijapaona, na hasira ninazo vilevile.

Wewe ni katibu muhtasi, kila siku unawaandikia wakubwa barua. Niandikie moja. Nifanye nionekane mtu.

Mdogo wako

4 Machi

Mdogo wangu,

Nimecheka, ndiyo. Bosi ameniuliza kuna nini, nikasema kuna barua ya malalamiko.

Hapa chini nimekuandikia. Iige yote, usiongeze neno lako. Watu wa aina hiyo wanapima mtu kwa sentensi ya kwanza, nawajua, nawachapia. Usiseme fundi makochi moja kwa moja, sema uko kwenye sekta ya samani. Si uongo! Na usimjibu siku hiyohiyo atakapoandika, atadhani huna shughuli.

Halafu ukifika kwenye harusi yako usisahau nani alikuandikia barua.

Dada

5 Machi

Ndugu Wakili,

Nimeipokea barua yako kwa furaha na ninakushukuru kwa kuonesha nia ya kunifahamu. Mimi ni mtu wa shughuli katika sekta ya samani, jukumu ambalo linanipa changamoto na fursa za kukua. Katika muda wangu wa mapumziko hupendelea kusoma, kutafakari, na kusafiri inapowezekana.

Ningefurahi kufahamu mtazamo wako kuhusu masuala hayo.

Wako katika mawasiliano,
Binti wa Samani

8 Machi

Kwako Binti wa Samani,

Asante kwa barua iliyopangika namna hiyo. Imenilazimu nikae vizuri kwenye kiti kabla ya kujibu.

Umesema unapenda kusoma. Unasoma nini sasa hivi? Na katika safari zako, ni mji gani uliokubadilisha zaidi? Mimi nilipokuwa masomoni nilizunguka sana kwa treni na nadhani mwonekano wa ulimwengu wangu ulitanuka hapo. Katika samani, wewe uko upande wa uagizaji, usimamizi, au usanifu? Na ulisomea wapi?

Samahani kwa maswali mengi.

Wakili

15 Machi

Dada,

Maji yamenifika shingoni. Umeona yale maswali? Ni mtihani ule! Mji ulionibadilisha! Mimi safari yangu ndefu ni ile tuliyokwenda kumzika babu, na kilichobadilika ni mgongo, kwa lile basi lisilo na springi. Ninachosoma sasa ni karatasi ya maelekezo ya gundi mpya.

Juzi ulinijazia jibu lingine, nikamtumia, naye akajibu kwa maneno makubwa zaidi. Hata lile "mwonekano wa ulimwengu" la barua ya kwanza nimelitafuta kwenye simu. Mama ameniuliza mbona nakunja uso hivyo, kuna nini. Nikamwambia kuna mtu ananitongoza. Akasema pole.

Nimegundua kitu. Katika barua zote hizo sijamuuliza hata swali moja la kwangu. Ninajibu tu, kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi. Nimekaa nahesabu alivyo navyo na nisivyo navyo, hata sijui kama anachekesha, kama ana wivu, kama anaosha sahani aliyolia chakula. Nimempa kiti cha juu mwenyewe, halafu namkasirikia kwa kukikalia.

Kuanzia leo usiniandikie. Nakupenda, lakini nikipendwa kwa barua zako, atakayeolewa ni wewe.

Mdogo wako

16 Machi

Bwana Wakili,

Barua mbili ulizopata ni za dada yangu. Hii ni ya kwangu, na ukiona makosa yaache yalivyo.

Mimi ni fundi makochi. Simamii wala siagizi, natengeneza. Nafumua kochi kuukuu, nakaza mikanda ya chini, nabadilisha sponji, nashona kitambaa kipya na kukipiga pini za stepla. Kazi nimeirithi kwa marehemu baba, na jirani yangu karakanani ni seremala anayeimba vibaya. Shule niliacha mapema kwa sababu za nyumbani, na sina haja ya kuonewa huruma kwa hilo. Sijawahi kupanda ndege. Kusoma nasoma kidogo, kusikiliza redio sana. Kwenye picha ile, kochi si langu.

Nimekudanganya kwa sababu niliogopa, na nikiogopa huwa nafanya ukali, kwa hiyo vumilia. Kama fundi makochi hakufai, sema leo, tusipotezeane muda.

Kama unaendelea, nina masharti. Ukiniuliza kitu, jibu na wewe kitu hichohicho. Mimi nimeshasema niliacha shule, basi na wewe sema ulipofeli. Ukitumia neno nisilolijua nitakuuliza maana yake, nawe utanijibu kwa sentensi moja, bila hotuba. Nikitaja kitu cha kazi yangu usichokijua, na wewe uliza, usijifanye. Usinitumie nauli wala vocha wala zawadi. Na mimi sitajichekesha kuhusu umaskini wangu ili ujisikie vizuri, wala wewe usijidai kwamba mali yako si kitu. Ni kitu. Ni chako tu, si cha mazungumzo haya.

Swali langu: mara ya mwisho kulia ilikuwa lini, na kwa nini?

Fundi

16 Machi

Fundi,

Nimeamua kutosubiri hadi kesho.

Mwezi wa kwanza, garini, kwenye maegesho ya ofisi. Nilipoteza kesi niliyokuwa na uhakika nayo, na mteja wangu, mama mmoja mtu mzima, akanipa pole yeye. Hilo ndilo lililonimaliza.

Nilipofeli: mtihani wa uwakili, mara ya kwanza. Nyumbani niliwaambia matokeo yamechelewa. Wengi hawajui mpaka leo.

Barua za dada yako zilinitisha. Nilidhani nimekutana na mkurugenzi, nikaanza kuvaa suti kwenye maandishi. Na kuuliza maswali mfululizo ni ugonjwa wa kazi. Mahakamani anayeuliza ndiye anayeshika usukani, na anayejibu hujikunja. Sikuona kwamba nakufanyia hivyo. Ukiona tena, niambie "pinga," nitakaa chini.

Fundi makochi ananifaa. Nataka tuonane. Kuna hoteli yenye bustani nzuri karibu na ofisi yangu, nitamtuma dereva aje akuchukue Jumamosi. Mikanda ya chini ni nini?

Wakili

17 Machi

Wakili,

Pinga.

Dereva hapana. Nikija kwa gari lako nitaondoka utakapotaka wewe. Hoteli hiyo pia hapana, siyo kwa sababu ni mbaya. Chai ya pale sitaweza kuilipia bila kuumia, na nikiumia nitakaa nakusikiliza kama mdeni. Kuna mgahawa mdogo nyuma ya soko la vitambaa, ni katikati yetu sote. Kila mtu anakuja kwa njia yake na analipa chake. Mara hii nimechagua mimi, mara nyingine utachagua wewe, ila ndani ya uwezo wangu. Dada anajua ninakokwenda na saa ya kurudi, nakwambia mapema usije ukaona nachungulia simu ukadhani umenichosha.

Mikanda ya chini ni ile mipana inayosukwa chini ya kiti kushikilia sponji. Ikilegea, unakaa unazama. Hiyo ni sentensi mbili, lakini ni fupi.

Fundi

23 Machi

Dada,

Amekuja kwa miguu kutoka alikoegesha gari, shati limelowa mgongoni. Ni mrefu kuliko picha na masikio yamemtoka. Nilipenda masikio.

Mwanzoni nilikuwa mkali mpaka nikajichoka. Akisema kitu cha kawaida, kwamba mahali hapa ni pazuri, mimi moyoni nasema huyu ananionea huruma. Nikaona nikiendelea hivyo nitagombana na mtu ambaye hayupo, nikamuuliza waziwazi, "Unasema pazuri kwa sababu ni pazuri au unanibembeleza?" Akaangalia huku na huku, akasema, "Kiti kinayumba, chai ni nzuri, na wewe unanitisha." Nikacheka. Tangu hapo nikakaa vizuri.

Akaanza kunieleza mikataba ni nini. Nikamwambia, "Nimekuuliza?" Masikio yakawa mekundu kabisa, halafu akauliza kuhusu baba. Nilimsimulia vitu ambavyo hata na wewe hatujazungumza. Malipo yalipofika mkono wake ulikimbilia mfukoni. Nikamtolea macho, ukarudi. Nikalipa changu, akalipa chake, na Dada, sikujua kama kulipia chai yako mwenyewe kunaweza kukufanya utembee umenyooka hivyo hadi nyumbani.

Tumeonana tena jana, zamu yake. Alichagua benchi kwenye bustani ya maktaba, tukaja na maji yetu. Nampenda. Nimeshasema, usinitanie.

Mdogo wako

9 Aprili

Fundi wangu,

Jumapili ya mwisho wa mwezi tunakula mchana nyumbani kwa mama yangu, familia yote. Nataka uje. Si mtihani, naapa.

Usiwe na wasiwasi wowote, nimeshakuandalia njia. Nimewaambia wewe ni mbunifu wa mambo ya ndani, una ofisi yako mwenyewe. Mama alifurahi sana, na dada yangu anataka ushauri wa mapazia. Nadhani hata wewe ukijitazama vizuri utaona ndivyo ulivyo, kwa kipaji chako.

Nakungoja kwa hamu,
Wakili

10 Aprili

Wakili,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimeshika koleo, na nashukuru ulikuwa mbali.

Huyo mbunifu ni nani? Mtafute, umkaribishe, ale wali wa mama yako. Mimi simjui. Mimi ni fundi makochi. Ofisi yangu ina mlango wa mabati na paka wa seremala.

Sijakasirika kwa sababu ubunifu ni kitu kibaya. Nimekasirika kwa sababu ulifikiri, ukaona kazi yangu haiwezi kuingia mlango wa kwenu bila kubadilishwa nguo. Ulipokuwa peke yako na mimi nilikutosha. Ulipowafikiria wao, ukanipandisha cheo. Sasa nikija nitakaa mezani naulizwa mapazia, nakubali kwa kichwa, na kila kijiko nitakachoinua kitakuwa cha mtu mwingine.

Najua unavyojisikia unapofanya hivyo, kwa sababu nilikufanyia hivyohivyo mwezi uliopita na barua za dada yangu. Tofauti ni kwamba mimi nilijidanganyia mwenyewe, na nilikwambia kabla hujaniuliza. Wewe umenidanganyia mimi, tena kwa furaha, kama zawadi.

Waambie. Wote, si mama peke yake, na si kwa kunong'ona jikoni. Usiseme "ila ana kipaji." Usiseme "ila ana karakana yake." Sema fundi makochi uweke nukta. Mpaka hapo usiniandikie.

Fundi

14 Aprili

Mdogo wangu,

Mama ameniambia humwandikii tena yule bwana. Kwa ajili ya neno moja? Alikuwa anakusitiri! Wanaume wangapi wanampeleka mtu kwa mama yao? Wewe kichwa kigumu tangu utotoni, ulikuwa unakataa viatu vyangu vilivyonibana mpaka unakwenda peku. Nenda kule, kula, tabasamu, kazi watakuja kuijua polepole mkishazoeana. Mbona mimi niliposema sekta ya samani hukunifokea hivi?

Dada

15 Aprili

Dada,

Nilipaswa kukufokea. Sikukufokea kwa sababu na mimi nilikuwa naamini kwamba fundi makochi ni kitu cha kusitiriwa. Sasa siamini. Ni juzijuzi tu nimeacha kuamini, bado ni kipya, na akikigusa mtu ninayempenda kitavunjika.

Unadhani sitaki kwenda? Nimelala naye kichwani kila siku tangu nimfungie mdomo. Simu ikilia naiwahi, nakuta ni mteja anataka sponji ngumu. Lakini polepole hiyo unayosema naijua mwisho wake. Wakishazoea yule mbunifu, nitakuwa namlisha mimi maisha yangu yote.

Nitamkosa nikilia, lakini sitampata nikiwa mtu mwingine. Msalimie shemeji.

Mdogo wako

20 Aprili

Fundi,

Nimewaambia. Jana, mezani, wote wakiwepo: Mama, dada yangu na mumewe. Nilianza vibaya. Nilisema, "Kuna marekebisho kidogo," kama niko mahakamani, na dada yangu akaweka uma chini. Kisha nikasema wewe ni fundi makochi, nikaweka nukta. Niliisikia nukta hiyo chumba kizima.

Shemeji alicheka, akasema basi kochi la sebuleni limepata mtu. Hakuna aliyecheka naye. Mama alingoja sahani ziondolewe. Kisha akaniuliza, "Ulificha kwa kuwa unamwonea haya yeye, au unatuonea haya sisi?" Nilitaka kusema nililinda hisia za kila mtu. Lingekuwa uongo. Swali hilo nimebaki nalo usiku kucha, na jibu langu ni hili: nilijionea haya mimi. Tangu nilipofeli ule mtihani nikawaficha, nimekuwa mtu wa kurekebisha kila kitu kabla hakijafika nyumbani. Nikakurekebisha na wewe. Nisamehe.

Mtihani huo nao nimewaambia. Nilikuwa nimeshasimama, nikaona nimalize yote.

Sitakudanganya tena: Mama hajafurahi. Hasemi usije, lakini hasemi karibu. Amesema tu, "Tutamwona." Mwaliko wangu bado upo. Ukikataa nitaelewa, na nitakuja nyuma ya soko la vitambaa kila Jumamosi kukaa kwenye kile kiti kinachoyumba, kama utakubali.

Wakili

21 Aprili

Wakili,

Nimelia, na nakwambia ili ujue, kwa sababu tulikubaliana kila mtu ajibu kitu hichohicho.

Nitakuja. Simwendei mama yako kuomba kukubaliwa, na "tutamwona" nimeipokea. Anione, na mimi nitamwona. Nitakuja kwa basi, na gauni langu la kijani, na vidole vyenye gundi ambayo haitoki hata kwa mafuta ya taa. Nitaleta matunda niliyonunua mwenyewe. Shemeji yako akirudia ule utani wa kochi nitamwambia leo nimekuja kula, na karakana inafunguliwa Jumatatu kwa wateja wote.

Kitu kimoja nakuomba. Wakiniuliza chochote, nimesoma wapi, baba yangu alikuwa nani, nafanya nini, usinijibie. Hata kama nimekwama. Hata kama kimya kimekuwa kirefu mpaka masikio yako yamewaka. Nikihitaji msaada nitakuangalia. Nisipokuangalia, kula.

Naogopa, usidhani siogopi. Leo nimemshonea mteja mto upande wa nje ukiwa ndani.

Na Jumapili inayofuata ni zamu yangu. Utakuja kwetu, nyuma ya karakana. Mama yangu amekwishakusikia. Shahada zako hazimwambii kitu. Atakukalisha kwenye stuli, akutazame mikono, akuulize mbele ya majirani wote: "Baba, ukiacha kuongea, unaweza kufanya nini?"

Mimi sitakujibia.

Fundi makochi